Ukishakata Simu, Andika

Tuchukue mfano wa karakana ya samani iliyoko Keko, Dar es Salaam. Ni Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa tano asubuhi. Mama mwenye karakana anapigiwa simu na mhasibu wa shule ya sekondari ya binafsi iliyoko Kibaha. Shule inataka seti 120 za meza na viti vya wanafunzi, zipatikane muhula mpya unapoanza. Wanazungumza dakika kumi na tano. Bei ni elfu themanini na tano kwa seti. Nusu italipwa mwanzo, nusu siku ya kupokea. Mzigo utapelekwa shuleni. Rangi ya fremu atauliza mkuu wa shule. Wanaagana kwa heri, kila mmoja ameridhika.

Mfano huu nimeubuni, lakini kinachotokea ndani yake hutokea kila siku. Mama ana shilingi 10,200,000 kichwani, na juu yake VAT, kwa sababu karakana yake imesajiliwa na bei zake zote huzitaja kabla ya kodi. Mhasibu naye ana shilingi 10,200,000 kichwani, lakini hizo ndizo zote alizoidhinishiwa, kodi ikiwa humo humo. Neno VAT halikutamkwa na yeyote. Kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, asilimia 18, pengo kati yao ni shilingi 1,836,000, na wote wawili wamekata simu wakiamini wamekubaliana.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kwenye simu tunazungumza kwa mkato, tukitegemea kwamba mwenzetu anajua tunachojua. Tukisema “nusu”, hatusemi nusu ya kiasi gani. Tukisema “mwanzoni mwa Januari”, mmoja anaona tarehe 2 na mwingine anaona tarehe 10. “Mtatuletea” inaweza kuwa na maana kwamba gari ni la fundi, wabebaji ni wa fundi, na kupanga madarasani ni kazi ya fundi. Inaweza pia kuwa lori litafika getini na basi. Hata tarakimu zenyewe zina mtego. “Elfu mia moja na hamsini” wengi wetu tutaandika 150,000, lakini yapo mazungumzo ya chenji na nauli ambamo maneno hayo hayo ni 100,050. Na saa nne tunayoitamka ndiyo ile simu inayoionyesha kuwa 10:00. Mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiingereza anaweza kuiingiza kwenye kalenda yake kama 4:00, na akafika saa kumi jioni.

Dawa yake ni barua pepe fupi inayotumwa siku ile ile, inayosema nilivyoelewa ni hivi, nirekebishe nilipokosea. Mazoea haya ni ya zamani katika biashara na ofisi za serikali, yalianza kwa barua za karatasi baada ya vikao. Yanaonekana mepesi, na ndiyo maana wengi huyafanya vibaya. Sehemu yake ya mwisho, ile ya kuomba kurekebishwa, huwekwa kama salamu ya kumalizia barua, ilhali ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Kazi inaanza simu ikiwa bado sikioni. Weka karatasi na kalamu mbele yako, andika tarehe na saa, na kila tarakimu inapotajwa iandike papo hapo. Kabla hamjaagana, zirudie kwa sauti: “Kwa hiyo seti mia na ishirini, elfu themanini na tano kila moja, sawa?” Hilo peke yake litanasa makosa ya kusikia. Lakini halitanasa makosa ya kuelewa, kwa sababu mhasibu atajibu “sawa kabisa”, akimaanisha elfu themanini na tano yenye kodi ndani. Ndiyo sababu bado unahitaji kuandika.

Andika mapema. Saa moja baada ya simu bado unakumbuka alisitasita wapi na alisema nini hasa. Kesho asubuhi utakumbuka uliyoyataka wewe. Na barua iliyoandikwa siku ya mazungumzo, kabla ya ugomvi wowote, ina uzito ambao haiwezi kuwa nao ile iliyoandikwa wiki tatu baadaye mzigo umekwama.

Hii ndiyo barua ambayo mama wa karakana angeiandika mchana ule. Naiweka nzima, kwa sababu mpangilio wake una maana.

*Kichwa: Simu ya leo 4 Novemba, meza na viti seti 120: tafadhali hakiki*

*Habari za mchana, Mwalimu.*

*Asante kwa mazungumzo yetu ya simu ya leo saa 5 asubuhi. Naandika hapa nilivyoelewa, ili wewe na mimi tuwe na maelezo ya aina moja.*

*Tumekubaliana kwamba nitatengeneza seti 120, kila seti ni meza moja na kiti kimoja, kwa vipimo vya seti ya mfano mliyoichukua mwezi Septemba. Bei ni shilingi 85,000 kwa seti, jumla 10,200,000 (milioni kumi na laki mbili). Nusu italipwa kabla ya kuanza kazi na nusu siku ya kupokea mzigo. Nitauleta shuleni Kibaha kwa lori langu na kwa gharama yangu.*

*Ambalo bado hatujakubaliana ni rangi ya fremu. Ulisema utamuuliza Mkuu wa Shule na kunijibu kufikia Ijumaa, tarehe 7 Novemba.*

*Kuna mambo matatu ambayo hatukuyataja au sikuyaelewa vizuri, na naomba uniambie kwa kila moja kama ndivyo au sivyo. Kwanza, nimeichukulia bei hiyo kuwa haina VAT. Ikiongezwa asilimia 18, jumla itakuwa 12,036,000 na malipo ya awali yatakuwa 6,018,000. Pili, uliposema “mwanzoni mwa Januari” nimeandika Jumatatu tarehe 5 Januari 2026, saa 4 asubuhi (10:00). Tatu, nimechukulia kwamba shule itatoa watu wa kushusha na kupanga.*

*Kama kuna jingine nililolikosea au kulisahau, tafadhali nirekebishe kwa kujibu barua hii. Sitaagiza vyuma wala mbao mpaka nipate jibu lako. Nikilipata kufikia Alhamisi jioni, tarehe 6, nitaweza kukabidhi siku niliyoandika hapo juu.*

Kisha jina lake, jina la karakana na namba ya simu.

Kwanza angalia kichwa cha barua. Hakikuandikwa “Salamu” wala “Kuhusu mazungumzo yetu”. Miezi miwili baadaye, mtu atakayetafuta kati ya barua mia kadhaa ataandika “meza” au “120” au “Novemba” na itatokea. Halafu angalia jinsi mambo yalivyotenganishwa: yaliyokubaliwa, yasiyokubaliwa bado pamoja na jina la atakayeyashughulikia na siku yake, na yale ambayo mwandishi ameyajaza mwenyewe. Kundi hili la tatu ndilo wengi huliacha. Wanachukua dhana zao, wanazichanganya na makubaliano, na msomaji anayepitisha macho haraka haoni lililo lake na lililopachikwa.

Hapo ndipo uaminifu wa mwandishi unapopimwa. Kuandika “bei ni 85,000 bila VAT” ndani ya aya ya makubaliano, huku ukijua neno hilo halikutamkwa, ni kumpitishia mwenzako jambo mlangoni akiwa ameinama. Huenda asione. Atakapoona, hataamini tena barua yako yoyote, na atakuwa na haki. Ukitaka kuongeza sharti ambalo hamkulizungumza, liongeze, lakini lipe nafasi yake na uliite kwa jina lake: hili hatukuligusa, napendekeza hivi, unasemaje?

Sasa ile sehemu ya kuomba marekebisho. Katika ofisi nyingi huandikwa hivi: “Kama kuna marekebisho, tafadhali tujulishe.” Sentensi haina kosa, ila haimfanyi mtu asome. Mhasibu ana barua arobaini asubuhi hiyo. Ataiona, atasema moyoni “mama ameandika vizuri”, ataifunga. Maombi ya jumla hupata majibu ya jumla, au hayapati kitu. Barua yetu imeonyesha kwa kidole mahali pa kuangalia, ikaweka tarakimu mbili kando kwa kando, na ikaomba jibu ambalo linaweza kuandikwa kwa maneno manne kwenye simu akiwa ndani ya daladala. Mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wako, au mkubwa wako kwa umri, hatapata shida kukujibu “VAT iwe ndani”. Angeona tabu kukuambia “umekosea”. Ukisema “nilivyoelewa”, kosa unalibeba wewe, na yeye anabaki na kazi nyepesi ya kukusaidia kuelewa.

Liko jambo moja ambalo watu wengi wanaliamini, nalo si kweli. Wanaandika mwishoni: “Usipojibu ndani ya saa 24, nitahesabu kwamba umekubali.” Kisha wanapumua, wakidhani mkataba umefungwa.

Mwaka 1862 mahakama ya Uingereza iliamua kesi inayoitwa Felthouse dhidi ya Bindley, ambayo wanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki wanaisoma mpaka leo. Mjomba alitaka kununua farasi wa mpwa wake. Walikuwa wamezungumza, na mjomba akaondoka akiamini bei ni pauni 30. Mpwa aliamini ni gini 30, na gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja. Wangekuwa na barua ya uthibitisho siku ile ile, pengo hilo lingeonekana mapema. Mjomba akaandika baadaye kwamba wagawane tofauti, iwe pauni 30 na shilingi 15, na kama hatasikia neno lolote, atamhesabu farasi kuwa ni wake. Mpwa hakujibu. Moyoni alikubali, hata akamwambia dalali wa mnada asimuuze farasi huyo. Dalali akasahau, akamuuza. Mjomba alipomshtaki dalali alishindwa: mahakama ilisema farasi hakuwa wake, kwa sababu mpwa hakumfikishia jibu, na mtu hawezi kumwekea mwenzake sharti kwamba kimya chake ni kukubali.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania ilitokana na ile ya India ya mwaka 1872, ambayo nayo ililelewa na sheria ya Kiingereza; na Kenya inafuata misingi hiyo hiyo ya Kiingereza. Nchi nyingine zina mkondo tofauti. Ujerumani, kwa mfano, mfanyabiashara anayepokea barua ya uthibitisho kutoka kwa mfanyabiashara mwenzake akanyamaza anaweza kubanwa na yaliyomo, kwa hiyo anayeuza kahawa au vinyago huko asiiache barua kama hiyo bila kujibu. Lakini huku kwetu, usijenge nyumba juu ya kimya cha mtu.

Ndiyo maana mama wa karakana hakuandika kwamba ukimya ni ndiyo. Alieleza atakachofanya yeye: hataagiza vyuma, na tarehe ya kukabidhi inategemea siku ya jibu. Hilo ana mamlaka nalo. Mhasibu akinyamaza, mbao hazijakatwa, fedha haijatoka, na ni wazi nani anachelewesha. Kwa mambo madogo, kama saa ya kukutana, unaweza kuandika “nitakuja saa 4 isipokuwa ukiniambia vingine”, kwa sababu ukikosea umepoteza nauli tu. Kadiri fedha inavyokuwa nyingi na kazi inavyokuwa ngumu kuirudisha nyuma, ndivyo unavyohitaji jibu lililoandikwa. Alhamisi jioni ikipita kimya, anapiga simu: “Mwalimu, nilikuandikia juzi, umebahatika kuiona?” Akijibiwa kwa mdomo, anaandika tena mstari mmoja juu ya barua ile ile, akisema amejibiwa nini na saa ngapi.

Turudi Kibaha. Mhasibu anasoma, macho yanasimama kwenye 12,036,000. Anajibu Jumatano asubuhi: tarehe 5 Januari ni sawa, watu wa kushusha watakuwepo, lakini bajeti iliyopitishwa ni 10,200,000 na kodi ndani. Shule haiwezi kudai VAT hiyo irudishwe, kwa hiyo kwake ni gharama kamili.

Wengine wangeona barua imezua tatizo. Tatizo lilikuwepo tangu Jumanne saa tano asubuhi. Barua imelitoa nje kabla chuma hakijakatwa. Lingesubiri Januari, lingetokea seti 120 zikiwa zimepangwa madarasani, na mmoja wao angelazimika kuzimeza shilingi 1,836,000, au wangegawana hasara na kutosalimiana tena. Mama anapiga hesabu: akikubali 10,200,000 na kodi ndani, anagawanya kwa 1.18, anabakiwa na kama 8,644,000, yaani takriban 72,000 kwa seti. Kwa bei hiyo hana faida. Anapiga simu, wanazungumza upya, na safari hii wote wanajua wanachozungumzia. Wanakubaliana seti 100 kwanza: 8,500,000, VAT 1,530,000, jumla 10,030,000. Inaingia ndani ya bajeti. Seti 20 zilizobaki shule itaziombea fedha muhula wa pili.

Na baada ya simu hiyo ya pili, anaandika tena. Hapa kuna kosa la kiutendaji linaloharibu kazi nzuri: watu hutuma mstari mmoja, “sawa, tufanye 100”, wakaacha mengine yakining'inia. Nusu ya nini sasa? Tarehe ni ile ile? Usafiri je, kwa mzigo mdogo? Barua ya pili inapaswa kusimama yenyewe. Inajibiwa juu ya ile ya kwanza ili mfululizo usikatike, inaanza kwa kusema kwamba inachukua nafasi ya maelezo ya tarehe 4 Novemba, inataja kilichobadilika, kisha inaandika makubaliano yote upya: seti 100, jumla 10,030,000 pamoja na VAT, malipo ya awali 5,015,000, Jumatatu tarehe 5 Januari saa 4 asubuhi, shule inashusha. Ile ya kwanza haifutwi. Inabaki kuonyesha mlikotoka.

Nakala nazo zina adabu yake. Mtu aliyekuwa kwenye simu, au anayetakiwa kutenda jambo, apelekewe. Ukimpelekea nakala mkuu wa shule ambaye hakuwemo, bila kumwambia mhasibu, mhasibu ataisoma barua yako kama mashtaka. Atajibu kwa kujilinda, au hatajibu kabisa mpaka ashauriane. Ikiwa ni lazima mkuu aione, mwombe mhasibu mwenyewe ampelekee, au mwambie kabla hujakata simu.

Wengi wataniuliza kwa nini barua pepe wakati wote tuko WhatsApp. Kwa karakana nyingi WhatsApp ndiyo ofisi, na ujumbe ule ule ulioandikwa humo ni bora mara nyingi kuliko kutoandika. Lakini ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15, unaweza kufutwa kwa wote, na gumzo linaweza kuwekwa lijifute baada ya muda. Simu ikiibiwa, mara nyingi mazungumzo huondoka nayo. Sauti zilizorekodiwa ndizo mbaya zaidi: hakuna anayerudi kusikiliza dakika nne kutafuta bei. Barua pepe inabaki upande wa mtumaji na upande wa mpokeaji, na tarehe yake. Ukilazimika kutumia WhatsApp, andika kwa maandishi katika ujumbe mmoja, usiukate vipande kumi.

Kisheria, makubaliano mengi ya mdomo ni mkataba hata bila karatasi. Shida ni kuyathibitisha. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayozuia ushahidi kukataliwa kwa sababu tu uko katika umbo la kielektroniki, na mahakama hupima jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa. Kwa hiyo iache barua mahali pake, usinakili maneno yake kwenye faili jingine ukafuta ya asili. Lakini barua ya namna hii ina mpaka. Mauzo ya ardhi Tanzania yanatakiwa yawe kwa maandishi chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, na Kenya mkataba wa ardhi lazima uandikwe, utiwe saini na pande zote na ushuhudiwe. Aliyezungumza habari za kiwanja kwa simu anaweza kuandika barua ya kukumbushana walichosema, ila asitoe fedha kwa kuitegemea hiyo.

Nawe ukiwa ndiye uliyeandikiwa, isome yote siku hiyo hiyo, hata kama unamwamini aliyeituma. Tafuta kwanza tarakimu, tarehe na jina lako, yaani uliyotwikwa wewe. Kama yote ni sawa, jibu “nimesoma, ni sawa”, kwa sababu bila hilo mwenzako hajui kama aanze kazi au angoje. Kama sentensi moja si sahihi, inukuu hiyo moja, andika chini yake unavyoelewa wewe, na useme mengine unayakubali. Na kama hukumbuki jambo fulani kusemwa, liandike hivyo hivyo: silikumbuki hili, tuzungumze kabla hujaendelea.